Mkopo wa baluni na wa riba pekee: jinsi ya kujua mapema kama lile donge la mwisho utaliweza

Watu wengi hapa Nairobi wakiletewa karatasi ya mkopo wanaangalia namba moja tu, nalipa ngapi kwa mwezi. Basi benki ikikuambia kuna njia ya kushusha hiyo ya mwezi karibu nusu unaona umebarikiwa, unasaini, unaenda kununua ploti yako. Shida haiko mwezi wa kwanza wala wa hamsini. Iko mwezi wa mwisho, siku ile benki inataka milioni nane kwa mpigo na wewe kwa akaunti uko na laki mbili.

Hapa naongea na mtu anayekopa kununua au kujenga ploti ya kukodisha, kwa sababu hapo ndipo naona watu wakiumia zaidi. Wenye magari pia wanapewa mikopo ya hivi na hesabu ni ile ile, ila gari huwa linashuka bei kila mwaka kwa hivyo kwao ni mbaya zaidi.

Kwanza ujue umepewa mkopo gani

Mkopo wa kawaida kila rejesho lina riba na kipande cha deni lenyewe, ukimaliza mwezi wa mwisho umemaliza. Mkopo wa riba pekee unalipa riba tu, deni linakaa pale pale lilivyokuwa, na siku ya mwisho unalirudisha lote. Wa baluni uko katikati: marejesho yamepigwa hesabu kana kwamba utalipa miaka 15, lakini mkopo wenyewe unaisha mwaka wa 5, kwa hivyo kile hakijalipwa kinadaiwa siku moja.

Sasa chukua ile barua ya ofa uisome kwa utulivu nyumbani, sio pale kwa dawati la benki ukisubiriwa. Neno baluni lenyewe unaweza usilione kabisa. Tafuta vitu viwili: muda wa mkopo, na muda uliotumika kupiga hesabu ya marejesho. Kama hizo mbili hazifanani, iko baluni. Pia kama wamesema deni lenyewe litapumzishwa kwa miezi kadhaa, uliza baada ya hapo linaanza kulipwa polepole ama linadaiwa lote. Halafu omba jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi mpaka mwisho na uangalie mstari wa mwisho kabisa. Ukiona mistari 59 inafanana na wa 60 una tarakimu saba, umepata jibu. Na wakikataa kukupa hilo jedwali, mimi hapo ningesimama kwanza.

Piga hesabu ya deni litakalobaki

Tufanye na mfano. Mtu ananunua ploti ya bedsita 16 pale Zimmerman, bei milioni 18. Milioni 8 ni zake, milioni 10 anakopa kwa riba ya 14%. Kila chumba ni 11,000 kwa hivyo zikijaa zote ni 176,000. Toa 7.5% ya KRA ya kodi ya nyumba, hiyo ni 13,200, toa keateka, stima ya ngazi, taka, choo kuziba kila mara, anabaki na kama 140,000 kwa mwezi. Shika hiyo 140,000 maana ndiyo itaamua kila kitu huko mbele.

Fungua spredishiti yoyote, hata ile ya simu, uandike hivi:

```
=PMT(14%/12,60,-10000000)
=PMT(14%/12,180,-10000000)
=FV(14%/12,60,133174,-10000000)
```

Ya kwanza inakupa rejesho la mwezi kama ungelimaliza deni lote kwa miaka 5: kama 232,700. Kodi ya 140,000 haifiki hapo hata ukivuta, ndio maana benki ikakuletea baluni. Ya pili ni rejesho likipigwa kwa miaka 15, inakuja 133,174, na hapo kodi inatosha na inabaki elfu sita na kitu. Ya tatu ndiyo watu hawaulizi: baada ya kulipa hiyo 133,174 kwa miezi 60 bila kukosa hata mmoja, bado unadaiwa karibu 8,577,000.

Soma tena hapo. Umelipa jumla karibu milioni 8, na kati ya hizo ni milioni 1.4 tu ndizo zilipunguza deni, zingine zote zilikuwa riba. Kama ingekuwa riba pekee ungelipa 116,667 kwa mwezi, jumla milioni 7 kwa miaka mitano, na deni bado ni milioni 10 kamili. Sio ati umeibiwa, hivyo ndivyo hesabu inavyotembea miaka ya kwanza ya mkopo mrefu, lakini wengi wanadhani wakifika mwaka wa tano watakuwa karibu nusu ya safari.

Hatua ambayo karibu kila mtu anaruka: utapewa ngapi ukienda kurifainansi

Ukimuuliza mtu atalipaje hilo donge, jibu ni lile lile, nitarifainansi. Yaani atachukua mkopo mpya kulipa ule wa zamani. Na akiulizwa kama benki itakubali anasema ploti iko na thamani ya milioni 18 na deni ni 8.5, nani atakataa?

Hapo ndipo watu hujidanganya. Benki inapima vitu viwili na inakupa kile kidogo. Moja ni thamani ya mali, na hapo kweli uko sawa. Mbili ni kama kodi inayoingia inabeba rejesho jipya na inabaki nafasi. Tuseme benki inataka kodi halisi iwe mara 1.25 ya rejesho, ambayo ni kipimo cha kawaida. Chukua 140,000 gawa kwa 1.25, unapata 112,000. Hiyo ndiyo rejesho kubwa zaidi utakaloruhusiwa, hata kama umekuwa ukilipa 133,174 miaka mitano bila kuchelewa. Utawaambia hivyo na watakusikiliza vizuri, lakini namba ya kwa fomu haitabadilika.

Sasa geuza swali: rejesho la 112,000 linanunua mkopo wa pesa ngapi? Inategemea riba ya siku hiyo na miaka watakayokupa. Tuseme riba imepanda mpaka 17.5% na wanakupa miaka 10:

```
=PV(17.5%/12,120,-112000)
```

Jibu ni kama 6,330,000. Deni ni 8,577,000. Pengo ni kama milioni 2.25, pesa taslimu, kutoka mfukoni mwako, na ploti haijashuka bei hata shilingi moja.

Na usiseme basi riba isipopanda niko sawa. Weka 14% ile ile na miaka 10, unapata kama milioni 7.2, pengo bado milioni 1.36. Ni pale tu wakikupa miaka 15 tena kwa 14% ndipo unafika milioni 8.4 na pengo linabaki laki moja na elfu sitini na kitu. Kwa hivyo miaka ya mkopo mpya inauma karibu sawa na riba, na hiyo watu hawaifikirii kabisa. Ukienda kurifainansi ukiwa na miaka 58, benki ikisema inataka deni liishe kabla hujafika umri fulani, hiyo miaka 15 sahau.

Halafu ongeza hii: vyumba vitatu viko wazi sababu jirani amejenga ghorofa mpya yenye lifti na maji hayakatiki. Kodi halisi inashuka mpaka 107,000, rejesho la juu linakuwa 85,600, na kwa 17.5% mkopo ni kama milioni 4.8. Pengo sasa linakaribia milioni 3.75. Riba kupanda na vyumba kukaa wazi hupenda kuja pamoja, kwa sababu uchumi ukibana watu wanahamia keja za bei ya chini.

Kama unadhani riba kuruka hivyo ni kutishana, kumbuka kiwango cha CBK kilikuwa 7% mwaka 2020 na mpaka mwanzo wa 2022, na ilipofika Februari 2024 kilikuwa 13%. Mtu aliyechukua baluni ya miaka minne 2020 ilimwangukia pale juu kabisa. Na serikali yenyewe ilipitia hii kitu mbele ya macho yetu. Ile Yurobondi ya 2014, yaani mkopo wa dola ambao serikali ilichukua kwa wawekezaji wa nje, ilikuwa riba pekee, 6.875% kwa mwaka, na dola bilioni 2 zote zilikuwa zinadaiwa Juni 2024. Mwanzo wa mwaka huo kila mtu alikuwa anauliza pesa zitatoka wapi, dola ikagonga karibu shilingi 160. Februari wakaenda sokoni wakachukua mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75% ili wanunue sehemu kubwa ya ule wa zamani kabla siku haijafika. Walipata, lakini kwa bei hiyo. Sasa wewe na bedsita 16 huna Yurobondi ya kuuza.

Kabla hujasaini

Chukua lile pengo la riba kupanda, 2.25M, gawa kwa miezi 60. Ni 37,500 kila mwezi unatakiwa kuweka kando kuanzia mwezi wa kwanza. Kodi ikishalipa benki inabaki elfu sita na kitu. Kwa hivyo ploti haiwezi kujilipia donge lake, lazima 30,000 nyingine zitoke kwa mshahara au biashara, kila mwezi, miaka mitano. Kama hizo hazipo, mkopo huu ni mkubwa kwako, kopa kidogo ama tafuta ploti ndogo. Huu ni msimamo wangu na sitauficha: baluni inamfaa mtu anayejua tayari pesa ya mwisho inatoka wapi, kama shamba anauza au malipo ya kustaafu yenye tarehe, sio anayetegemea benki itakuwa na roho safi.

Vitu vya kuomba viandikwe kwa barua ya ofa, sio kuambiwa na mdomo:

- Haki ya kuongeza muda ukiwa umelipa vizuri, na masharti yake. Kama wamekubali tu "kuangalia upya", ujue hiyo si ahadi.
- Ukilipa zaidi ya rejesho, hiyo ziada inapunguza deni lenyewe siku hiyo hiyo, na faini ya kulipa mapema ni ngapi ama haipo.
- Baada ya kupunguza deni, je rejesho linashuka au donge linashuka? Wewe unataka donge lishuke.

Hiyo ya pili imeumiza watu sana. Unatuma elfu hamsini ya ziada ukijua unakula deni, kumbe mfumo wa benki umeiweka kama rejesho la mwezi ujao lililokuja mapema, inakaa tu pale, na deni halijasonga. Unajuaje? Omba stetimenti ya mkopo siku chache baadaye uangalie kama salio la deni lenyewe limeshuka kwa kiasi kile kile. Kama halijashuka andika barua pepe, sema wazi ni ya kupunguza deni, na utunze majibu.

Pesa ya pengo uweke wapi basi, kwa mkopo ama kwa fandi ya soko la pesa? Kwa hesabu kavu mkopo unakula 14%, na fandi riba yake inakatwa kodi ya 15% kabla ikufikie, kwa hivyo kulipa mkopo kwa kawaida ndiko kunashinda. Lakini pesa ukishaipeleka kwa mkopo hairudi, na vyumba vinne vikikaa wazi mwezi wa Januari utaitamani. Mimi ningeweka kwanza marejesho ya miezi minne au mitano kwa fandi, zingine zote ziende kupunguza deni.

Miezi 18 kabla ya siku yenyewe

Usingoje ibaki miezi mitatu. Kuhamisha mkopo kutoka benki moja hadi nyingine kuna foleni nyingi: hati iko kwa benki ya zamani, benki mpya haitoi pesa bila uhakika wa kupata hati, ya zamani haiachilii hati bila pesa, kwa hivyo mawakili wanaandikiana ahadi ya kitaaluma katikati, halafu chaji ya zamani, yaani rehani ya benki iliyoandikwa juu ya hati, inaondolewa na mpya inasajiliwa, na kama ploti iko Nairobi unapita Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikikwama hapo unasubiri kama wengine. Lipia wakili wako na wa benki, valua, ada ya benki, na ushuru wa stempu wa 0.1% ya mkopo. Hizo zote ongeza juu ya pengo.

Kitu cha kwanza miezi hiyo 18 ni kurudia ile hesabu ya PV na namba halisi za sasa, sio za mwaka uliochukua mkopo. Tumia kodi iliyoingia kweli kwa benki miezi 12 iliyopita. Hapa wenye kupokea kodi kwa M-Pesa ya kibinafsi wanajiumiza, kwa sababu benki mpya inaangalia stetimenti na hiyo kodi haionekani, au inaonekana imechanganyika na pesa za harusi na michango. Mwaka mzima kabla ya kuomba, kodi yote ipite kwa paybill inayoangukia akaunti moja, na risiti za KRA za kila mwezi ziwe zinafanana na hiyo kodi. Ukiwa unalipia KRA vyumba kumi na unaambia benki uko na kumi na sita, watachukua kumi.

La pili, karatasi za ploti. Reti za kaunti zilipwe. Ramani zilizoidhinishwa zitafutwe, maana kuna nyumba imeidhinishwa ghorofa tatu na iko tano, na valua akiandika hivyo kwa ripoti unaweza kukataliwa hata kama kodi inatosha. Na maeneo kama Zimmerman na Githurai bado kuna watu wameshika cheti cha shea cha kampuni ya kununua mashamba badala ya hati. Kwa hicho benki nyingi hazikopeshi, na kukibadilisha kuwa hati si kazi ya wiki mbili.

La tatu, anza na benki yako mwenyewe. Nenda miezi 12 kabla, ukiwa hujachelewa rejesho lolote, uwaombe wabadilishe lile donge liwe mkopo wa kawaida wa miaka 10. Kwao ni rahisi kuliko kuanza kesi na wewe, na chaji tayari iko. Meneja akikuambia "mzee usijali, tutapanga", mwambie asante, na jioni hiyo umwandikie barua pepe ukirudia alichosema na kuomba ajibu. Mameneja huhamishwa, na atakayekuja hajui mlikunywa chai mkaongea nini. Huku ukingoja, omba ofa ya pili mahali pengine, hata SACCO kwa kile kipande cha pengo kama uko na akiba ya kutosha hapo.

Ikifika miezi 9 na hujapata karatasi yoyote iliyosainiwa, weka ploti sokoni. Najua inauma. Lakini ukiuza kwa 17M ukiwa na muda, unalipa deni la milioni 8.6 na gharama na bado unabaki na kama milioni 8. Mnunuzi akijua umebakisha wiki tatu bei unayopewa ni nyingine kabisa.

Siku imefika na pesa hakuna

Kitu watu hawategemei: ulilipa marejesho yote 60 bila kosa, lakini kesho yake unadaiwa milioni 8.5 iliyochelewa, sio rejesho moja. Hakuna kulipa 133,000 ukasema uko sawa. Zikipita siku 90 mkopo unahesabiwa kuwa mbovu na jina lako CRB linasoma hivyo, na hapo kurifainansi popote kunakuwa kugumu kabisa.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, benki haiwezi kukuuzia kesho. Ukikaa mwezi bila kulipa wanaweza kukupa notisi ya kifungu cha 90, angalau miezi mitatu. Ikiisha, notisi ya kuuza ya kifungu cha 96, siku 40. Halafu dalali naye anakupa siku 45 za kukomboa. Kabla ya mnada lazima thamani ipimwe upya, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa 25% au zaidi sheria inachukulia benki haikutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe vingine. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki nacho kinazuia riba isipite deni lililokuwepo siku mkopo ulipokuwa mbovu.

Kwa hivyo uko na kama miezi sita au saba, lakini hiyo miezi riba ya adhabu inaendelea kupanda juu ya milioni 8.5. Watu wengi wanaitumia kukimbilia kortini kusimamisha mnada, na kama notisi zilikosewa kweli una kesi. Kama zilikuwa sawa na deni ni la kweli unaahirisha tu, na wakili analipwa. Afadhali wiki ya kwanza kabisa ya notisi upeleke kwa benki mnunuzi wa kweli na barua ya wakili wake, uombe ridhaa ya kuuza mwenyewe, pesa zipite moja kwa moja kulipa deni na zinazobaki zije kwako. Wakikubali, hakikisha barua yao inataja kiasi cha kumaliza deni na tarehe ya mwisho ya kiasi hicho, kwa sababu riba inahesabiwa kila siku na namba ya Jumatatu haitakuwa ile ya Ijumaa.